Koma kabla ya "na": kushika kanuni moja katika barua pepe fupi

Sentensi ikiwa na orodha ya vitu vitatu au zaidi, mwandishi hana budi kuamua jambo moja dogo: kabla ya "na" ya mwisho aweke koma au asiweke. "Projekta, spika na kamera" ni sahihi. "Projekta, spika, na kamera" nayo ni sahihi. Vitabu na magazeti mengi ya Kiswahili huiacha koma hiyo. Wanaoandika Kiingereza wamegawanyika, na kwao inajulikana kama koma ya Oksfodi, kwa kuwa wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oksfodi waliifanya kanuni yao. Hapa hatuamui nani ana haki. Tunashughulikia kosa moja tu: barua pepe ya mistari mitano ambayo mstari wa kwanza una koma hiyo, wa tatu hauna, na wa nne hujui.

Katika ripoti ya kurasa 40 kosa hili hujificha, maana orodha moja iko mbali na nyingine. Katika barua pepe fupi orodha zote ziko mbele ya macho kwa wakati mmoja. Msomaji akiona koma kabla ya "na" katika sentensi ya kwanza, bila hata kufikiri anajua kwamba huyu ndivyo anavyoandika. Akifika kwenye orodha isiyo na koma hiyo, anaanza kuitafutia sababu. Pengine hivi viwili vya mwisho ni kitu kimoja? Pengine ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili? Wewe ulisahau tu, lakini yeye anadhani umemwambia kitu.

Tuchukue barua moja na kuirekebisha hadi mwisho:

> Mada: Maandalizi ya kikao cha Alhamisi
>
> Ndugu Mratibu,
>
> Tafadhali andaa projekta, spika, na kamera kabla ya saa tatu. Walioalikwa ni wakuu wa idara za Fedha, Mipango na Takwimu na Ununuzi. Vikao vidogo vitaanza saa nne, saa tano na nusu na saa nane. Rasimu ya bajeti imeandaliwa na mhasibu, mkaguzi na mshauri. Chai itakuwa tayari mapema, na wageni watahudumiwa ukumbini.
>
> Wako,
> Katibu

Hatua ya 1: Tenga "na" za orodha na "na" nyingine

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu "na" ya Kiswahili ina kazi nyingi. Anayepita akipachika koma kabla ya kila "na" ataharibu sentensi nzuri, na anayezifuta zote ataharibu nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kugusa koma yoyote, hesabu "na" zote za barua halafu jiulize kila moja inafanya nini pale ilipo.

Barua hii ina "na" nane. Nne tu ndizo zinazofunga orodha: "na kamera", "na Ununuzi", "na saa nane" na "na mshauri". Nne zilizobaki zina kazi nyingine, na kila moja ni mtego wa aina yake.

"Na" iliyo katikati ya "Mipango na Takwimu" ni sehemu ya jina la idara. Haitenganishi vitu viwili, inashona jina moja, na haipewi koma hata siku moja.

"Na" ya "saa tano na nusu" ni ya hesabu. Kiswahili hutaja saa, tarehe na namba kwa kutumia "na": kumi na mbili, ishirini na tano, mia moja na thelathini. Kila unapoandika orodha ya namba kwa maneno, unaingiza "na" ambazo hazihusiani kabisa na orodha yenyewe. Jaribu kusoma "tarehe kumi, kumi na mbili na kumi na tano" kwa haraka, utaona jinsi jicho linavyojikwaa.

"Na" ya "imeandaliwa na mhasibu" inamtaja mtenda. Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, yaani imeandaliwa, imekaguliwa, ilitumwa, "na" inayokifuata inaonyesha nani alitenda. Inakaa mwanzoni mwa orodha, ilhali ile ya kufunga inakaa mwishoni. Ukiweka koma baada ya "imeandaliwa" unakata kitenzi na mtenda wake.

Ya mwisho ni "na wageni watahudumiwa ukumbini". Hii inaunganisha sentensi mbili kamili, kila moja na kitenzi chake na kiima chake. Koma iliyo kabla yake ni ya kupumzisha msomaji kati ya sentensi hizo, nayo inaweza kubaki hata kama umeamua kuacha koma za orodha. Haivunji kanuni yako, kwa kuwa si ya orodha.

Vitu viwili tu, kama "meneja na katibu", si orodha kwa maana tunayoizungumzia. Havihitaji koma chini ya kanuni yoyote. Upande wa pili, "au", "wala" na "pamoja na" zikikaa mahali pa "na" ya mwisho, zihesabu kama "na" na uzitendee vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Tafuta orodha ngumu kuliko zote

Kishawishi cha kawaida ni kupiga kura. Katika barua yetu orodha tatu hazina koma na moja inayo, basi si tufute ile moja tumalize? Hapana. Wingi hausemi lolote kuhusu uwazi. Orodha inayopaswa kuamua ni ile ngumu zaidi, ile ambayo bila msaada itasomwa vibaya.

Hapa ni ya idara. "Fedha, Mipango na Takwimu na Ununuzi" inaweza kukatwa kwa njia mbili. Inaweza kuwa Fedha, kisha Mipango na Takwimu, kisha Ununuzi. Inaweza pia kuwa Fedha, kisha Mipango, kisha Takwimu na Ununuzi, japo mwandishi akiwa makini asingerudia "na" hivyo. Mratibu anayezijua idara zote atakisia sawasawa. Mratibu mgeni kazini anaweza kumwandikia mkuu wa idara isiyokuwepo, au, akiyahesabu majina yote moja moja, kuandaa viti vinne badala ya vitatu.

Dalili ya orodha ngumu ni rahisi kuikumbuka: angalau kipengele kimoja kina "na" ndani yake. Jina la idara, wakati uliotajwa kwa maneno, jozi kama "kalamu na karatasi", vyote vinaingia hapa. Ukiona "na" mbili zimefuatana huku kati yake pakiwa na maneno machache tu, simama hapo.

Iwapo hakuna orodha ngumu katika barua yako, uamuzi ni mwepesi. Fuata kanuni ya ofisi kama ipo. Kama haipo, acha koma, kwani ndivyo msomaji wa Kiswahili alivyozoea kuona.

Hatua ya 3: Chagua moja kati ya njia mbili

Orodha ngumu ikiwepo, una njia mbili. Ya kwanza ni kukubali koma kabla ya "na" katika barua nzima. Ya pili ni kuiandika upya orodha ngumu ili isiihitaji koma, kisha kuziacha koma hizo kote. Jambo lisilofaa ni kuweka koma kwenye orodha ngumu peke yake na kuziacha nyingine. Wapo wanaoshauri hivyo, wakisema koma itumike pale tu inapohitajika, na katika kitabu kirefu ushauri huo una mashiko. Katika mistari mitano unamrudisha msomaji kule kule kwenye kujiuliza.

Njia ya kwanza, yenye koma, inatoa hivi:

> Tafadhali andaa projekta, spika, na kamera kabla ya saa tatu. Walioalikwa ni wakuu wa idara za Fedha, Mipango na Takwimu, na Ununuzi. Vikao vidogo vitaanza saa nne, saa tano na nusu, na saa nane. Rasimu ya bajeti imeandaliwa na mhasibu, mkaguzi, na mshauri. Chai itakuwa tayari mapema, na wageni watahudumiwa ukumbini.

Koma tatu tu zimeongezwa. Tazama idara sasa: "Mipango na Takwimu" imezungushiwa koma pande zote mbili, kwa hiyo haiwezi kuachana. "Saa tano na nusu" vilevile.

Njia ya pili inadai kazi kidogo zaidi:

> Tafadhali andaa projekta, spika na kamera kabla ya saa 3:00. Walioalikwa ni wakuu wa Idara ya Fedha, Idara ya Mipango na Takwimu na Idara ya Ununuzi. Vikao vidogo vitaanza saa 4:00, saa 5:30 na saa 8:00. Rasimu ya bajeti imeandaliwa na mhasibu, mkaguzi na mshauri. Chai itakuwa tayari mapema, na wageni watahudumiwa ukumbini.

Neno "Idara" limerudiwa mbele ya kila jina, na sasa ndilo linalofanya kazi ya koma: kila linapotokea, msomaji anajua kipengele kipya kimeanza. Saa zimeandikwa kwa tarakimu, hivyo "na" ya nusu imetoweka yenyewe. Saa ya sentensi ya kwanza nayo imegeuzwa tarakimu, maana kuchanganya "saa tatu" na "saa 4:00" ni kuondoa mchanganyiko mmoja na kuleta mwingine.

Katika njia hii kuna ujanja mmoja ambao watu huujaribu na hausaidii: kuhamisha kipengele chenye "na" kukipeleka mwanzo. "Mipango na Takwimu, Fedha na Ununuzi" inaonekana nadhifu, lakini sasa inasomeka kama jozi mbili. Idara tatu zimekuwa mbili.

Kati ya hizo mbili, ya pili ndiyo bora kwa barua ya Kiswahili. Haitegemei msomaji aone alama ndogo kwenye kioo cha simu, na ikisomwa kwa sauti bado inaeleweka. Ya kwanza inafaa pale usipoweza kurudia neno la kuongoza, au unapoandikia ofisi ambayo tayari inatumia koma hiyo.

Hatua ya 4: Kagua mahali ambapo koma yenyewe huleta utata

Ukichagua kuweka koma, usidhani umemaliza. Kuna sentensi ambazo koma huzichafua. Angalia hii:

> Nimewaandikia msimamizi, mhasibu wa mradi, na mkaguzi.

Ni watu wangapi? Wanaweza kuwa watatu. Wanaweza pia kuwa wawili, ikiwa "mhasibu wa mradi" ni maelezo ya msimamizi, yaliyowekwa kati ya koma mbili kama tunavyofanya na cheo chochote. Upatanisho wa kitenzi haukuokoi hapa, kwa kuwa "nimewaandikia" inatosha kwa wawili na kwa watatu. Ukiwa umechagua kuacha koma, "msimamizi, mhasibu wa mradi na mkaguzi" inaelekea zaidi kwenye watu watatu.

Upande wa pili una tatizo lake pia. "Nimewaalika washauri wetu, mhasibu na mwanasheria" inaweza kumaanisha kwamba mhasibu na mwanasheria ndio hao washauri. Hapa koma kabla ya "na" ndiyo inayosaidia kuwatenganisha.

Kwa hiyo hakuna kanuni inayoshinda siku zote, na hakuna haja ya kuivunja uliyochagua. Panga maneno upya. Kwa mfano wa kwanza, kama ni watu wawili, andika "Nimewaandikia mkaguzi na msimamizi, ambaye pia ni mhasibu wa mradi". Kama ni watatu, taja idadi: "Nimewaandikia watu watatu: msimamizi, mhasibu wa mradi na mkaguzi". Idadi ikitangulia, msomaji anahesabu mwenyewe na utata wote unaisha. Mfano wa pili unatatuliwa kwa kuwatanguliza wanaotajwa kwa umoja: "mhasibu, mwanasheria na washauri wetu".

Orodha za vitenzi zinahitaji jicho la ziada. Soma hii: "Taarifa imekusanywa, imekaguliwa na kupitishwa na bodi." Bodi ilifanya yote matatu, au ilipitisha tu? Ukiweka koma, "imekusanywa, imekaguliwa, na kupitishwa na bodi", bodi inaelekea kubaki na upitishaji peke yake, lakini si kwa uhakika wa kutosha kuwekea saini. Andika moja kwa moja: "Kamati imekusanya na kukagua taarifa, kisha bodi ikaipitisha."

Utata wa namna hii umewahi kufika mahakamani. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliorodhesha kazi ambazo hazina malipo ya saa za ziada, na orodha hiyo iliishia kwa maneno yenye maana ya "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", bila koma kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisema kazi iliyotajwa pale ni kufungasha, na wao hawafungashi. Kampuni ilisema kusambaza ni kazi inayojitegemea. Waandishi wa sheria wa jimbo hilo walikuwa na mwongozo uliowaelekeza kuiacha koma, na kampuni iliushika mwongozo huo kama hoja. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba utata bado upo na ikaamua kwa faida ya madereva. Mwaka uliofuata pande hizo zilipatana kwa dola milioni 5. Kilichoishinda kampuni ni kwamba kanuni iliyoandikwa mahali pengine haisomeki ndani ya sentensi. Mpokeaji wa barua yako naye haujui mwongozo wa ofisi yako. Ana mistari ile mitano tu.

Hatua ya 5: Pitia sehemu zinazosahauliwa

Mada ya barua ni sehemu ya barua. Ikiwa ndani umeandika "bajeti, ratiba na ukumbi", mada isiwe "Bajeti, ratiba, na ukumbi". Watu huandika mada mwanzoni au mwishoni kabisa, mbali na mwili wa barua, ndiyo maana hutofautiana.

Salamu nayo: "Ndugu Meneja, Katibu na Wajumbe," ina koma mwishoni, lakini hiyo ni ya kufunga salamu. Usiihesabu.

Orodha inayoishia kwa "n.k." haihitaji "na" nyingine kabla ya kipengele cha mwisho, maana "na" tayari imo ndani ya kifupisho. "Kalamu, faili na karatasi n.k." ina "na" mbili mahali pa moja. Andika "kalamu, faili, karatasi n.k." au, kama umechagua koma, "kalamu, faili, karatasi, n.k."

Ukinukuu maneno ya mtu mwingine kutoka barua iliyotangulia, yaache yalivyo, hata kama anafuata kanuni tofauti na yako. Ila ukinakili orodha yake na kuiweka ndani ya sentensi yako bila alama za kunukuu, sasa ni yako, irekebishe. Hapa ndipo mchanganyiko mwingi unapoingilia: nusu ya barua imetungwa, nusu imebandikwa.

Na kama orodha imefika vipengele vitano au zaidi, au vipengele vyenyewe vina koma ndani, ishushe chini, kila kipengele kwenye mstari wake. Huko hakuna koma wala "na", kwa hiyo haigusi kanuni ya barua.

Hatua ya 6: Hesabu kabla ya kutuma

Kwenye kompyuta, nakili barua yako kwenye programu ya kuandikia, bonyeza Ctrl+F, kisha tafuta koma, nafasi na "na" kwa mfuatano huu:

```
, na 
```

Acha nafasi moja baada ya "na", la sivyo utapata pia maneno yanayoanza na silabi hiyo, kama "nakala" na "namba". Programu itakuonyesha idadi. Linganisha na ile unayotarajia. Barua yetu yenye koma ina orodha nne na sentensi moja ya kuunganishwa, kwa hiyo jibu ni 5. Ile isiyo na koma inatakiwa kutoa 1, ambayo ni ile ya "na wageni".

Njia ya kwanza ikitoa 4, kuna orodha moja umeiruka, na mara nyingi ni ile inayoanza kwa "na" ya mtenda, kwa kuwa jicho lilishaona "na" moja likaridhika. Njia ya pili ikitoa 2, kuna koma ya zamani haijafutwa. Ikitoa 0, umeifuta hata ile ya kati ya sentensi mbili. Si kosa kubwa, lakini isome tena uone kama "Chai itakuwa tayari mapema na wageni" haimfanyi msomaji adhani wageni nao watakuwa tayari mapema.

Kwenye simu, ambako kutafuta neno ndani ya barua unayoiandika ni usumbufu, soma kutoka sentensi ya mwisho kwenda ya kwanza, ukisimama kwenye kila "na". Ukisoma kinyume hivyo, maana haikubebi, na koma iliyozidi au kupungua inaonekana. Baada ya hapo soma mara moja kwa mpangilio wa kawaida, uhakikishe hukufuta koma kati ya vipengele vya mwanzo ulipokuwa ukifuta ya mwisho.